Golemu wa udongo: kweli alimgeuka aliyemuumba, au tumelishwa sinema?

#1 Kitasa
Wakuu habari za jioni. Kila ikitajwa roboti muasi au lile dude la Frankenstein utasikia mtu anasema asili yake ni golemu wa Praha, kwamba Rabi Loew alifinyanga mtu wa udongo mwaka 1580, akamtumikisha, siku moja likachachamaa nusura limuue. Mimi nimefuatilia hizi hadithi kwa muda na kadiri ninavyorudi nyuma ndivyo uasi unavyopotea. Kwenye Talmudi, mkusanyo wa sheria na mafundisho ya Kiyahudi ambao ni wa zamani kuliko hayo yote, kuna mwanachuoni Rava aliumba mtu akamtuma kwa Rabi Zeira. Zeira akamsemesha, jamaa kimya. Akamsemesha tena, kimya. Zeira akamwambia wewe umetokana na wenzetu, rudi kwenye mavumbi yako. Imeisha hapo. Hakuna aliyepigwa wala aliyekimbizwa, kosa lake lote ni kutojibu. Sasa nauliza, huu ugomvi wa kiumbe na aliyemuumba uliingia lini na uliingizwa na nani? Msimamo wangu ni kwamba golemu hajawahi kuasi, amesingiziwa.

#2 Babu Kobe
Mbona hawa tunao siku zote, ni misukule kwa jina lingine. Mtu anachukuliwa kishirikina, anakatwa ulimi, analimishwa usiku, mchana humuoni. Hasemi, hachoki, hadai mshahara. Kijijini kwa mama kuna mzee alikuwa na shamba linalimika hakuna aliyewahi kuona kibarua, na watu walijua. Na uasi upo, siku mganga mwenye nguvu zaidi akimfungua akili msukule anarudi nyumbani na kumtaja aliyemchukua hadharani.

#3 Binti Shela
Babu Kobe shikamoo lakini hapo umekwenda njia nyingine. Msukule alikuwa mtu, ana mama yake anayemlilia na kaburi lenye mgomba ndani. Golemu hana kwao, hajaibwa popote, kabla ya kufinyangwa hakuwa kitu. Akirudi nyumbani atarudi wapi?

#4 Babu Kobe
Marahaba mwanangu. Ila wote hawasemi. Hilo lishike, nitalirudia.

#5 Karani wa Usiku
Kitasa uzi mzuri, ngoja nikupe kipande ambacho nadhani ndio bawaba ya mambo yote. Hadithi ya mtumishi wa udongo anayekuwa hatari haikuanzia Praha, ni ya Chelm, mji wa Polandi, na inamhusu Rabi Elia wa Chelm aliyefariki 1583. Mwaka 1674 Mjerumani mmoja, Christoph Arnold, aliiandika kwenye barua yake, halafu Jacob Grimm akaichapisha kwa ufupi gazetini mwaka 1808 na hapo ndo Ulaya ikaijua. Inakwenda hivi. Baada ya kufunga na kusali siku kadhaa wanafinyanga umbo la mtu, wanalisomea jina la Mungu, linaamka. Haliwezi kusema ila linaelewa ukiliagiza. Linafanya kazi za nyumbani na halitakiwi kutoka nje. Kwenye paji la uso limeandikwa emet, yani ukweli. Kila siku linakua, lilianza dogo kuliko wote nyumbani mwisho linawazidi wote, kwa hiyo mwenye nalo inabidi awahi kufuta herufi ya kwanza, inabaki met, amekufa, nalo linaporomoka kuwa udongo tena. Mmoja akazembea. Likakua mpaka paji la uso halifikii. Akaogopa, akapata ujanja, akaliamuru limvue viatu vya buti ili likiinama aifute herufi. Likainama kama lilivyoagizwa. Akafuta. Udongo wote ukamwangukia ukamponda.

Sasa someni tena muone nani kaasi. Liliagizwa liiname, likainama. Limemuua bwana wake likiwa limeshakufa.

#6 Kitasa
Asante sana Karani, ndio hicho ninachosema. Marehemu kajiangushia ukuta mwenyewe.

#7 Fundi Dongo
Salaam. Mimi nafinyanga na kuchoma tofali, hadithi za Wazungu sizijui, ila hiyo ya Chelm aliyeitunga anaujua udongo. Fanyeni hesabu. Mwili wa mtu mzima una ujazo kama wa ndoo tatu na nusu za lita ishirini, tuseme lita 70. Udongo mbichi uliokandwa lita moja inakaribia kilo mbili, kwa hiyo golemu wa saizi ya mtu tu tayari ana kama kilo 130. Likikua urefu mara mbili, na unene na upana navyo viongezeke hivyohivyo, uzito hauwi mara mbili, unakuwa mara nane. Hapo umeshapita tani moja. Limesimama mbele yako, limeinama kukushika mguu, wewe uko chini yake, halafu unalitoa uhai. Hata kama lingekuwa linakupenda ungekufa.

Na sisi wachimba udongo hii tunaijua vibaya. Mwenzetu mmoja alikuwa anachimba kwa chini kwenye ukingo, anakula ndani kwa ndani kama pango maana udongo mzuri ulikuwa chini, juu ameacha bonge limening'inia. Siku ya mvua lilishuka lote. Tulimtoa kwa majembe akiwa hai ila nyonga ilivunjika mpaka leo anachechemea. Dalili ilikuwepo tangu asubuhi, ufa mwembamba juu ya ukingo sambamba na shimo, kila mtu aliuona akaendelea na kazi kwa sababu udongo wa chini ulikuwa unatoka laini. Huyo mzee wa Chelm naye aliona linakua kila siku. Kilichomponza ni kwamba kazi ilikuwa inakwenda.

#8 Mshumaa
Fundi heshima kwako. Lakini jamani tusiipunguze Praha. Pale liliasi kweli, lilivunja mtaa mzima wa Wayahudi Ijumaa jioni, na hiyo ya 1580 ni ya zamani kuliko barua ya 1674. Pia Mary Shelley alisoma ile ya Grimm ya 1808 akatoa Frankenstein miaka kumi baadaye. Mstari umenyooka, sioni ubishi uko wapi.

#9 Karani wa Usiku
Mshumaa naomba nikukosoe kwa mambo mawili.

Rabi Loew alikuwepo, alifariki 1609, kaburi lake lipo makaburi ya kale ya Wayahudi Praha mpaka leo. Ila maandishi yanayomhusisha na golemu yanaanza kuonekana miaka ya 1830 na kitu, zaidi ya miaka mia mbili baada ya kufa kwake. Alikuwa mwandishi mkubwa, ameacha vitabu vingi na hakuna anaposema alifinyanga mtu. Hiyo 1580 pamoja na habari za mto Vltava na za golemu kuitwa Yosefu imetoka kwenye kitabu cha Yudl Rosenberg cha 1909, aliyedai amepata hati ya zamani ya mkwe wa rabi. Hati ilikuwa yake mwenyewe. Na kitabu hicho kinakupinga, maana humo golemu ni mlinzi, anazunguka usiku kuwakamata wanaowasingizia Wayahudi kuwa wanaua watoto wa Kikristo kwa ajili ya damu. Kazi ilipokwisha akalazwa darini kwenye sinagogi. Hajamgeuka mtu.

Hiyo ya Ijumaa ni toleo la karne ya 19, ilichapishwa 1847. Rabi alikuwa analitoa jina la Mungu kinywani mwa golemu kila Ijumaa kabla ya Sabato kuingia, siku moja akasahau, dude likaanza kubomoa. Watu walikuwa sinagogini wameshaisoma Zaburi ya 92, rabi akakimbia akalinyamazisha, kisha zaburi ikasomwa tena, na ndiyo maana pale inarudiwa mara mbili. Yani hadithi inaeleza desturi ya ibada iliyokuwepo tayari. Hilo ndilo toleo lenye fujo na ni la juzijuzi.

Kuhusu Shelley, hakuna ushahidi kwamba alilisoma gazeti la Grimm. Kitabu chake cha 1818 chenyewe kinamtaja Prometheo kwenye jina, huyo wa Wagiriki aliyefinyanga watu. Na kiumbe chake kimeungwa kwa viungo vya maiti, udongo haupo.

#10 Mshumaa
Kukosa ushahidi sio kwamba haikutokea. Alikuwa anazungukwa na watu wanaosoma Kijerumani na hadithi za kutisha kila usiku. Mimi nabaki pale pale.

#11 Ustadhi wa Bandarini
Assalaam alaykum. Niingie kwa upande wangu. Kwetu Nabii Isa amani iwe juu yake alifinyanga umbo la ndege kwa udongo akapuliza likaruka, na Kurani inasisitiza kuwa ni kwa idhini ya Mwenyezi Mungu, kwenye Al Imran na tena Al Maida. Umbo ni la mkono, uhai una mwenyewe. Ndio maana naona Kitasa anauliza nani alimgeuka nani akiwa ameanza katikati. Mwasi wa kwanza kwenye hizi hadithi ni yule anayefinyanga bila idhini. Kiumbe akimwangukia anatekeleza tu hukumu.

#12 Karani wa Usiku
Waalaykum salaam Ustadhi. Na Wayahudi wenyewe walishaliwaza hilo, tena mapema kuliko Chelm na Praha. Kuna kisa cha karne ya 13, kwangu mimi ni kizuri kuliko vyote. Nabii Yeremia na mwanawe Ben Sira walikaa miaka mitatu wakisoma Kitabu cha Uumbaji, kile cha Kiyahudi cha siri za herufi, wakaunganisha herufi, akatokea mtu. Kwenye paji lake pameandikwa Bwana Mungu ni ukweli. Na mkononi ana kisu. Yule mtu mwenyewe, hajaagizwa na yeyote, akachukua kile kisu akaikwangua herufi ya kwanza ya lile neno la mwisho, maandishi yakabaki yanasomeka Bwana Mungu amekufa. Yeremia akachana nguo zake, akamuuliza kwa nini unafanya hivi?

Akajibu kwa mfano. Palikuwa na msanifu majengo stadi, anajenga miji na hakuna mwingine, watu wote wanamwendea yeye. Wakaja wawili wakambembeleza awafundishe, akawafundisha siri zote. Walipoijua kazi wakagombana naye wakafungua ya kwao kwa bei ya chini, watu wakamwacha bwana mkubwa wakawafuata wao. Akamwambia Yeremia, Mungu aliwaumba nyinyi kwa mfano wake mkamtukuza, leo mmeumba mtu kama yeye, kesho watu watasema hakuna Mungu ila hawa wawili. Yeremia akauliza tufanyeje? Akawafundisha waziandike zile herufi kinyumenyume juu ya vumbi. Wakaandika, akageuka majivu na vumbi mbele yao.

Huyu anasema, tena vizuri kuliko waliomuumba. Na ndiye pekee kati ya hawa wa zamani anayeinua mkono dhidi ya kazi ya waliomtengeneza. Anaiinulia herufi yake mwenyewe.

#13 Kitasa
Karani, kiumbe huyu anavunja hoja ya Ustadhi lakini ya kwangu pia anaitikisa, ila bado nasema huo sio uasi, ni utii kwa aliye juu zaidi.

#14 Ustadhi wa Bandarini
Haivunji hoja yangu hata kidogo, umeisoma vibaya. Kiumbe ndiye aliyemtambua Mola, waliofinyanga walisahau.

#15 Binti Shela
Mimi wala siendi Polandi. Bibi yangu alitusimulia Sultani Majinuni, wengi humu mnaijua, iko hata kwenye ngano alizochapisha Steere mwaka 1870. Sultani ana paka wake. Paka akala ndama, watu wakaja kushtaki, sultani akasema paka ni wangu na ndama ni wangu, mwacheni. Akala mbuzi, paka wangu na mbuzi wangu. Akapanda ngazi hivyohivyo kila siku mnyama mkubwa zaidi, mpaka watu, jibu lilelile, mpaka siku alipowala watoto wa sultani. Hapo ndo akasema huyu si paka, ni nunda. Na nunda ameshaingia msituni anakula kila apitaye.

Angalieni linavyofanana na la Chelm. Linakua kila siku, mwenyewe anaona, kila siku ana sababu ya kuacha kesho. Hakuna herufi wala maombi. Kwa hiyo mimi sidhani hii habari ya kiumbe kumgeuka bwana wake imetoka kwa golemu kwenda dunia nzima. Mtu yeyote aliyewahi kufuga kitu anaweza kuitunga.

#16 Mshumaa
Nunda hakutengenezwa mama, alizaliwa paka. Swali la uzi ni kiumbe aliyetengenezwa.

#17 Binti Shela
Kalelewa, na aliyemfanya nunda ni sultani kwa kile kinywa chake. Paka wa jirani hakuwa nunda.

#18 Babu Kobe
Binti Shela umenikumbusha yule kijana mdogo aliyekwenda kumuwinda, kila akiua mnyama anamletea mama yake anaimba "Mama wee, niulaga nunda mla watu", mama anamjibu mwanangu siye. Analeta tena punda milia, siye. Twiga, siye. Tulikuwa tunaitikia watoto wote. Vijana wa leo mnajua kuitikia kweli?

#19 Binti Shela
Tunajua babu. Wangu wananifanya niiimbe mpaka tembo ndio walale.

#20 Mtu wa Jukwaa
Naona wote mmeruka karne ambayo kweli iliwasha moto, ya 20. Mimi natoka kwenye maigizo. Filamu ya Paul Wegener ya 1920, ile ya kimya, ndiyo iliyompa golemu ile sura ya udongo na hatua nzito, na hata humo mkiangalia vizuri aliyeharibu ni mtu. Golemu ameshazimwa, msaidizi wa rabi anamwamsha upya kwa wivu kwa sababu binti wa rabi yuko chumbani na mpenzi wake. Anamtuma ampige mwanaume, golemu anambeba mpaka juu anamrusha chini. Baada ya hapo ndo hashikiki. Na anayemmaliza ni mtoto wa kike mdogo, anampa tunda, golemu anambeba mikononi, mtoto anachezea ile nyota kifuani mwake anaichomoa. Hakukuwa na rabi wala kisomo.

Mwaka huohuo wa 1920 hapo Praha Karel Čapek anachapisha tamthilia ya R.U.R., ikachezwa 1921, na neno roboti limetoka humo. Sasa roboti zake sio za bati kama mnavyodhani, zimekandwa, kuna mashine za kukandia na mapipa, ni kinyamanyama fulani cha kiwandani. Ni ufinyanzi uleule ila unazalisha maelfu kwa maelfu. Zinaua binadamu wote wanabakisha mmoja tu, Alquist, kwa sababu yeye anafanya kazi kwa mikono kama wao. Hiyo ndo hoja yangu, uasi umeingizwa na kiwanda. Wa Chelm alikuwa mtumishi mmoja wa nyumba, unamhofia kwa ukubwa wake. Ukiwa na elfu wa aina moja unawahofia kwa idadi yao na kwa kuwa wanajuana. Na Ulaya ya 1920 imetoka vitani na Urusi mapinduzi yamepita juzi.

#21 Karani wa Usiku
Nakubaliana na Mtu wa Jukwaa kwa sehemu kubwa. Čapek mwenyewe aliwahi kuandika kwamba R.U.R. ni golemu aliyevishwa nguo za kisasa, kwa hiyo hapo undugu haubuniwi na wasomaji. Ila usiseme kiwanda ndicho kiliingiza uasi chote. Kuna toleo la pili la Chelm, la Jacob Emden, karne ya 18, naye ni kizazi cha huyohuyo Rabi Elia, yani ni habari za ukoo. Anasema babu alipoona linakua akaogopa litaangamiza dunia, akaling'oa jina kwenye paji la uso, na wakati analing'oa lilimkwaruza uso. Babu hakufa.

#22 Kitasa
Kumkwaruza sio kitu. Ukimng'oa mtu kitu usoni mkono wake utaruka wenyewe.

#23 Mtu wa Jukwaa
Ah wapi, hiyo ndiyo picha ya kwanza ya kupigania uhai! Mimi ningeiweka jukwaani kesho.

#24 Fundi Dongo
Au ni kipande kilichokauka kilimgonga. Udongo ukikauka haraka upande mmoja unajikunja unadondosha vibanzi vyenye makali, mimi nina kovu la hivyo kwenye nyusi. Ndio maana chungu tunakiweka kivulini na kuchanganya chengachenga za vyungu vilivyovunjika. Kwani hao marabi walitumia udongo gani, kuna panapotajwa?

#25 Karani wa Usiku
Panatajwa mkuu. Eleazari wa Worms, aliyefariki miaka ya 1230 na kitu, ameacha maelekezo. Udongo bikira kutoka milimani ambako hakuna aliyewahi kulima, ukandwe kwa maji yanayotiririka, halafu herufi zisomwe kwa mpangilio kiungo baada ya kiungo. Hakuna kuchoma wala tanuri. Na hakuna kazi yoyote ambayo golemu anapangiwa, akishatokea somo limekamilika.

#26 Fundi Dongo
Asiyechomwa anarudi tope kwa mvua moja. Hapo hukuhitaji hata kufuta herufi, ni kumtoa nje masika.

#27 Babu Kobe
Nilisema nitarudi kwenye kutosema. Huyo wa Rava hakujibu akarudishwa mavumbini. Wa Chelm hasemi. Wa Praha hasemi. Msukule hasemi. Halafu huyo wa Shelley mnayemtaja, mjukuu wangu amesoma kile kitabu ananiambia yeye anasema sana, kajifunza kwa kusikiliza watu kupitia ufa wa ukuta, anasoma vitabu, anamdai aliyemuumba amtengenezee mke. Basi jibu liko hapo. Uasi unaanza kiumbe akipewa ulimi. Kabla ya hapo hata akiumia nani atajua? Karani, hao marabi waliwahi kuuliza kama yule asiyesema ni mtu?

#28 Karani wa Usiku
Waliuliza babu, tena kisheria. Baba yake Emden, Rabi Zvi Ashkenazi, aliandika akijadili kama golemu anaweza kuhesabiwa kwenye kumi wanaotakiwa ili sala ya jamaa ifanyike. Akajibu hapana, na dalili yake ni ileile ya Zeira. Kama angefaa kukamilisha kumi Zeira asingemrudisha mavumbini, na kwa kuwa alimrudisha haikuwa kuua.

#29 Babu Kobe
Yani walimwangamiza kwanza halafu kule kuangamizwa ndio kukawa ushahidi kwamba hakuwa mtu?

#30 Ustadhi wa Bandarini
Babu, hapana. Zeira ni mwanachuoni, kitendo chake ni hoja kwa sababu ya elimu na uchamungu wake, asingemwaga damu. Hauwezi kuisoma kinyume.

#31 Babu Kobe
Nimeisoma jinsi ilivyoandikwa, Ustadhi. Hakujibu salamu wakamvunja. Na Yeremia alipompata anayejibu, kiumbe huyo mwenyewe ndiye aliyemfundisha Yeremia jinsi ya kumvunja. Kitasa unauliza nani alimgeuka nani, mimi naona kila kisa cha zamani humu aliyegeuka ni mfinyanzi.

#32 Mshumaa
Na wa Chelm je babu? Yule alikuwa anajiokoa.

#33 Fundi Dongo
Alikuwa na siku zote zile kabla halijafika urefu wa mlango, Mshumaa. Kufuta herufi ni kidole tu.